Ufupisho wa Makala ya Maoni: Kutenganisha Dai na Ushahidi

Malengo ya somo

Baada ya kusoma sehemu hii, mwanachuo ataweza: (a) kulitambua dai kuu la makala ya maoni kwa kutumia viashiria vya kisarufi, (b) kulitenganisha dai hilo na ushahidi unaolitegemeza, (c) kuandika ufupisho usiomsingizia mwandishi jambo ambalo hakulisema.

1. Utangulizi

Ukimpa mwanafunzi habari ya kawaida aifupishe, atapunguza maneno na pengine atafaulu, kwa kuwa sentensi za habari hufanya kazi moja: kueleza kilichotokea. Makala ya maoni haiko hivyo. Ndani yake sentensi moja inataka msomaji akubali jambo, nyingine inatoa sababu ya kulikubali, na nyingine inanukuu mawazo ya mpinzani ili yakanushwe. Anayepunguza maneno bila kutambua kazi ya kila sentensi huishia na maneno machache yasiyo na mwandishi: hayasemi nani anataka nini, wala kwa msingi gani.

Kwa mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda, ugumu huo una sura ya pekee. Makala nyingi atakazokutana nazo hujadili nafasi ya Kiswahili chenyewe, na mara nyingi atakuwa upande wa mwandishi. Msomaji anayekubaliana na dai haukagui ushahidi. Huupokea wote, na huongeza wake. Kwa sababu hiyo tumechagua makala ya mfano inayotetea jambo ambalo wengi wetu tunalipenda.

Katika somo hili, dai ni kauli ambayo mwandishi anataka msomaji aikubali au aitekeleze. Ushahidi ni jambo lolote analolileta ili dai hilo likubalike: tukio, sheria, tarehe, takwimu, mfano au kauli ya mjuzi. Kati ya hayo mawili huweza kuwapo dai dogo, yaani kauli inayohitaji ushahidi wake yenyewe, lakini ambayo kazi yake ni kulibeba dai kuu.

2. Makala ya mfano

Makala ifuatayo imetungwa kwa ajili ya somo hili, kwa kufuata muundo wa makala za maoni za magazeti kama Taifa Leo la Kenya na Mwananchi la Tanzania. Aya zimepewa namba ili iwe rahisi kuzirejelea.

Kiswahili Kisisubiri Sekondari

(1) Wiki iliyopita nilitoka Mpumudde kwenda mjini Jinja. Kando ya barabara kuu nilimwona mama mmoja muuza samaki. Dereva wa lori kutoka Mombasa alimwuliza bei kwa Kiswahili. Mama akajibu kwa Lusoga. Dereva akatabasamu, akapanda lori lake, akaondoka. Samaki wakabaki kwenye sinia.

(2) Barabara hiyo ndiyo inayoleta mizigo kutoka bandari ya Mombasa kupitia Malaba na Busia. Madereva, mawakala wa forodha na wachuuzi wanaokutana mpakani huelewana kwa Kiswahili. Kwa mkazi wa Jinja au Mbale, basi, Kiswahili ni lugha ya riziki.

(3) Sheria nayo haikukaa kimya. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, katika shule tatu za msingi nilizozitembelea mwezi huu, sikuona kipindi cha Kiswahili kwenye ratiba.

(4) Wapo wanaosema kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi, na kwamba walimu hawatoshi. Ni kweli kwamba wengi wa wazee wetu walikisikia kutoka kwa askari, hasa wakati wa utawala wa Idi Amin, na kumbukumbu hiyo ni chungu. Ni kweli pia kwamba walimu ni wachache. Lakini lugha haina hatia kwa makosa ya msemaji wake, na walimu hupatikana pale kazi inapotangazwa.

(5) Kila mtu anajua kwamba mtoto hujifunza lugha upesi kuliko mtu mzima. Tusingoje, basi, mpaka afike sekondari. Wizara ya Elimu na Michezo iwaajiri walimu wa Kiswahili katika shule za msingi, na somo lianze darasa la nne.

3. Hatua ya kwanza: kulitafuta dai kuu

Kichwa cha makala kinadokeza dai, lakini kisitumiwe peke yake. Katika magazeti mengi kichwa huandikwa au hubadilishwa na mhariri, naye hutafuta maneno machache yanayovutia. Kichwa chetu kinasema Kiswahili kisisubiri sekondari. Hakisemi kianze lini, wala nani achukue hatua.

Kiashiria cha kwanza cha kisarufi ni kitenzi cha hali tegemezi, yaani chenye kiambishi tamati -e au kikanushi chake -si-. Waandishi wa maoni huitumia hali hii kuagiza, kushauri na kupendekeza. Ukiacha kichwa na kitenzi afike kinachotawaliwa na neno mpaka (aya ya 5), makala yetu ina vitenzi vinne vya aina hiyo: kifundishwe (aya ya 3), tusingoje, iwaajiri na lianze (aya ya 5). Je, vyote vinne ni madai ya mwandishi?

Kitazame kitenzi kifundishwe. Kinategemea kitenzi kilichokitangulia, liliidhinisha, na mtenda wake ni Baraza la Mawaziri. Basi matakwa yaliyomo ni ya Baraza, na mwandishi anayaripoti tu. Vitenzi vitatu vya aya ya 5 havitegemei kitenzi cha mtu mwingine. Viko katika sentensi kuu, na anayetaka ni mwandishi mwenyewe. Kanuni yetu ni hii: hali tegemezi huashiria dai la mwandishi ikiwa haikutawaliwa na kitenzi cha mtenda mwingine.

Kanuni hiyo ina mipaka. Dai laweza kuja kwa maneno kama hapana budi, ni lazima au inafaa. Laweza pia kuja kwa sentensi ya ni isiyo na dalili yoyote ya kuagiza. “Kiswahili ni lugha ya riziki” ni sentensi ya namna hiyo. Nayo inadai jambo, tena imetanguliwa na neno basi, ambalo hutuambia kwamba yaliyotangulia ni sababu na linalofuata ni hitimisho. Neno hilohilo limo katika aya ya 5. Tuna mahitimisho mawili; lipi ni kuu?

Hapo tutumie jaribio la “kwa nini?”. Chukua kauli mbili, uliza “kwa nini?” baada ya ya kwanza, kisha ujibu kwa ya pili:

Somo lianze darasa la nne. Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili ni lugha ya riziki.

Kiswahili ni lugha ya riziki. Kwa nini? Kwa sababu somo lianze darasa la nne.

Jozi ya kwanza inaeleweka, ya pili haieleweki. Kauli inayojibu “kwa nini?” ndiyo inayobeba, inayoulizwa ndiyo inayobebwa. Basi “Kiswahili ni lugha ya riziki” ni dai dogo, na dai kuu limo katika sentensi ya mwisho: Wizara iajiri walimu wa Kiswahili katika shule za msingi, na somo lianze darasa la nne.

4. Hatua ya pili: kuupanga ushahidi

Sasa tuulize kila aya inaleta nini ili dai hilo likubalike.

Aya ya 1 inaleta tukio moja. Lisome tena kwa makini. Mwandishi hasemi kwamba mama hakujua Kiswahili, wala hasemi kwa nini dereva aliondoka. Ametupangia matendo kwa kiambishi -ka- (akajibu, akatabasamu, akapanda, akaondoka), nasi tumeyaunganisha kama sababu na matokeo. Kiambishi -ka- huonyesha mfuatano wa matendo. Hakitoshi kuonyesha kwamba tendo moja lilisababisha jingine. Pengine bei haikumpendeza dereva. Anayefupisha hana ruhusa ya kuandika “kwa sababu” mahali ambapo mwandishi aliandika -ka-.

Aya ya 2 inaleta maelezo ya jumla kuhusu njia ya mizigo na lugha ya mpakani. Kitenzi huelewana kina hu- ya mazoea: jambo linasemwa kuwa hutokea mara kwa mara, bila idadi wala mahali mahususi. Ni ushahidi, lakini ni wa ujumla.

Aya ya 3 ina ushahidi wa aina mbili, na ni rahisi kuuchanganya. Sentensi mbili za kati zinataja mambo yaliyomo katika kumbukumbu za umma, ambayo msomaji yeyote anaweza kuyahakiki. Sentensi ya mwisho ni uchunguzi wa mwandishi mwenyewe, na upeo wake ni shule tatu.

Hata ushahidi wa sheria unahitaji kusomwa kwa kipimo chake. Ibara ya 6 ya Katiba ya mwaka 1995, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inasema kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, na kwamba kitatumika katika mazingira yatakayowekwa na Bunge kwa sheria. Ibara hiyo haisemi lolote kuhusu darasa la nne. Uamuzi wa Julai 2022 ndio uliogusa shule, nao ni idhini. Kitenzi idhinisha hakina maana moja na kitenzi tekeleza. Mwandishi wetu aliyachunga maneno yake hapo; anayemfupisha naye ayachunge.

Aya ya 4 ni aya ya kukiri na kujibu. Muundo wake ni “wapo wanaosema … ni kweli … lakini …”. Yaliyo baada ya “wapo wanaosema” ni ya wapinzani. Yaliyo baada ya “ni kweli” ni sehemu ambayo mwandishi anaikubali. Yaliyo baada ya “lakini” ni jibu lake, na jibu hilo halikupewa ushahidi: kwamba walimu hupatikana kazi inapotangazwa ni dai jingine dogo lililoachwa bila nguzo.

Aya ya 5 inaanza kwa “kila mtu anajua”. Maneno haya, pamoja na ndugu zake kama “haifichiki kwamba” na “ni dhahiri kuwa”, huonekana kama ushahidi, lakini kwa kweli huziba pengo la ushahidi. Mwandishi anamwomba msomaji akubali bila kuonyeshwa. Kauli yenyewe yaweza kuwa sahihi. Kinachotuhusu ni kwamba makala haikuithibitisha.

5. Hatua ya tatu: kuchagua kitenzi cha kuripoti

Katika ufupisho, uhusiano wa mwandishi na kauli yake huonyeshwa na kitenzi cha kuripoti. Kila kitenzi kina uzito wake. Anasimulia hufaa tukio. Anataja hufaa sheria na tarehe. Anapendekeza hufaa dai lenye hali tegemezi, na hali hiyo hubaki: “anapendekeza somo lianze”. Anakiri hufaa jambo ambalo mwandishi amelikubali kutoka kwa wapinzani. Anachukulia hufaa kauli iliyotolewa bila kuonyeshwa ushahidi.

Vitenzi viwili vinahitaji tahadhari. Anathibitisha ni hukumu: ukisema mwandishi anathibitisha jambo, wewe mwenyewe umetangaza kwamba ushahidi wake unatosha. Anadai nacho, katika matumizi ya kila siku, hubeba shaka, kana kwamba msemaji hasadikiki. Katika uchambuzi tunalitumia neno dai bila shaka hiyo. Katika ufupisho, anapendekeza, anaeleza au anashikilia ni salama zaidi.

Kumbuka pia mabadiliko ya usemi wa taarifa: nilimwona huwa alimwona, mwezi huu huwa mwezi huo. Mwanafunzi anayeacha nafsi ya kwanza katika ufupisho wake amekuwa mwandishi wa makala.

6. Hatua ya nne: kuandika na kusahihisha

Ufuatao ni ufupisho wenye makosa ambayo hujitokeza mara nyingi katika kazi za wanafunzi:

“Kiswahili ni lugha ya riziki. Mama mmoja alikosa kuuza samaki kwa sababu hajui Kiswahili. Katiba ya mwaka 2005 inaagiza Kiswahili kifundishwe katika shule zote lakini shule za Jinja zimekataa. Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na walimu ni wachache. Kwa hiyo Kiswahili ni muhimu sana, na pia ni lugha ya Umoja wa Afrika.”

Sarufi ya sentensi hizi haina kasoro kubwa, na ndiyo maana mwalimu mwenye haraka angeupa alama nzuri. Tuuchunguze. Kwanza, dai kuu halimo. “Kiswahili ni muhimu sana” si dai la makala. Ni dai la mwanafunzi, na lingeweza kubandikwa kwenye makala yoyote kuhusu Kiswahili. Pili, ushahidi umekuzwa: -ka- imekuwa “kwa sababu”, shule tatu zimekuwa “shule za Jinja”, na “sikuona kwenye ratiba” imekuwa “zimekataa”. Tatu, sheria imevurugwa: Katiba ni ya mwaka 1995, mwaka 2005 ni wa marekebisho, na agizo lililotajwa halimo ndani yake. Nne, kauli ya wapinzani imewekwa kinywani mwa mwandishi. Tano, limeongezwa jambo la nje. Ni kweli kwamba Kiswahili ni miongoni mwa lugha za Umoja wa Afrika, lakini makala haikusema hivyo. Katika ufupisho, jambo la kweli lisilomo ni kosa sawa na jambo la uongo.

Linganisha na ufupisho huu, usiozidi maneno 100:

“Mwandishi anapendekeza Wizara ya Elimu na Michezo iajiri walimu wa Kiswahili katika shule za msingi, na somo lianze darasa la nne. Anaeleza kwamba Kiswahili ni lugha ya riziki kwa wakazi wa Jinja na Mbale kutokana na biashara ya njia ya Mombasa. Anataja marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 na idhini ya Baraza la Mawaziri ya Julai 2022, ingawa hakuona somo hilo katika ratiba za shule tatu alizozitembelea. Anakiri kumbukumbu chungu za utawala wa Amin na uhaba wa walimu, lakini haoni kwamba ni vizuizi. Anachukulia kwamba mtoto hujifunza lugha upesi kuliko mtu mzima.”

Dai limetangulia, ingawa katika makala lilikuja mwisho. Ufupisho hufuata uzito wa mambo, si lazima ufuate mpangilio wa aya. Kisa cha muuza samaki kimeachwa, kwa kuwa ni mfano mmoja wa jambo ambalo tayari limetajwa kwa jumla. Ufupisho haukumwambia mwandishi kwamba ushahidi wake ni hafifu; kitenzi anachukulia kimeonyesha hali ya kauli bila kuihukumu. Kuhukumu ni kazi ya uhakiki, na uhakiki huja baada ya ufupisho mwaminifu.

Unaposahihisha kazi ya darasa, gawa alama katika sehemu tatu: dai kuu, ushahidi kwa kipimo chake, na lugha. Ukiziweka pamoja, mwandiko mzuri utaficha usomaji mbaya.

7. Zoezi

Soma aya ifuatayo, kisha ujibu maswali.

“Kilima cha Mpumudde ndicho alichofia Omukama Kabalega wa Bunyoro. Waingereza walimkamata mwaka 1899, wakampeleka uhamishoni Shelisheli. Mwaka 1923 alikuwa njiani kurudi nyumbani, lakini hakufika akiwa hai. Alifariki hapa Jinja, akazikwa Mparo, Hoima. Wanafunzi wa historia wa Jinja wapelekwe Mpumudde kabla hawajafungua sura ya ukoloni katika vitabu vyao. Atakayesema kwamba Kabalega ni wa Wanyoro peke yao, akumbuke kwamba mwaka 2009 serikali ilimtangaza kuwa shujaa wa taifa.”

(a) Kuna vitenzi viwili vya hali tegemezi katika sentensi kuu. Vitaje, kisha ueleze ni kipi kinachobeba dai kuu.

(b) Tangazo la mwaka 2009 limeletwa kumjibu nani?

(c) Ni sehemu gani ya dai ambayo haikupewa ushahidi wowote?

(d) Fupisha aya hii kwa maneno yasiyozidi 40.

Mwongozo wa majibu

(a) Wapelekwe na akumbuke. Dai kuu limo katika wapelekwe. Akumbuke nacho ni cha mwandishi, lakini kinamwelekea mpinzani na kuleta jibu, hivyo kanuni ya hali tegemezi haitoshi bila jaribio la “kwa nini?”.

(b) Anajibiwa mpinzani anayeona kwamba habari za Kabalega haziwahusu watu wa Jinja.

(c) Maneno “kabla hawajafungua sura ya ukoloni”. Ushahidi uliotolewa unahusu umuhimu wa mahali; hakuna kinachoonyesha kwamba ziara itangulie kitabu badala ya kukifuata.

(d) Mfano: “Mwandishi anapendekeza wanafunzi wa historia wa Jinja wapelekwe Mpumudde kabla ya kusoma sura ya ukoloni, kwa kuwa Kabalega alifia huko mwaka 1923 akirejea kutoka uhamishoni. Kwa wanaomwona kuwa wa Wanyoro tu, anataja tangazo la shujaa wa taifa la mwaka 2009.”